Asilimia kumi ya nini? Kuhakiki slipu ya mshahara mstari kwa mstari

Mpwa wangu ni mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam. Jioni moja alinitumia picha ya slipu yake kwa simu, chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Hebu nitazamie hii, ovataimu ya mwezi huu naona kama imepungua." Nimekaa kwenye ofisi ya mishahara miaka mingi, kwa hiyo picha kama hizo nazipata sana, hasa tarehe za mwisho wa mwezi. Hii ilikuwa na kasoro tatu, na aliyeilalamikia alikuwa ameiona moja tu, tena kwa kuhisi. Slipu yenyewe ilisoma hivi:

```
Mshahara wa msingi        780,000.00
Posho ya nyumba           100,000.00
Posho ya usafiri           50,000.00
Ovataimu (saa 14)          68,250.00
MSHAHARA GHAFI            998,250.00

NSSF                       78,000.00
PAYE                      127,562.50
Bodi ya Mikopo            117,000.00
JUMLA YA MAKATO           322,562.50

MSHAHARA WA KUPOKEA       675,687.50
```

Wengi wakipewa karatasi hii hujumlisha mapato, wakatoa makato, wakaona hesabu inakubali, wakaridhika. Kujumlisha hakuoneshi kitu, maana mashine haikosei kujumlisha. Ukitaka kuhakiki, unaiweka slipu pembeni, unachukua mshahara wa msingi ulioandikwa kwenye mkataba, na kuanzia hapo unatengeneza slipu yako mwenyewe. Baadaye ndipo unazilaza mbili pamoja na kutazama zinapoachana. Kila ukifika kwenye asilimia, jiulize ni asilimia ya nini. Viwango vyenyewe karibu kila mhasibu anavijua kwa kichwa. Makosa yanajificha kwenye kile kiasi ambacho asilimia imepigwa juu yake.

Haya ninayoyaeleza ni ya mwajiriwa wa kampuni binafsi Tanzania Bara. Mwalimu wa serikali au muuguzi wa hospitali ya wilaya ana mfuko wake na taratibu zake, nitazigusa kidogo mbele.

Tuanze na ovataimu, kwa kuwa ndiyo iliyomleta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hapo watu wengi wanakubaliana. Tatizo linakuja kwenye swali kwamba mtu wa mshahara wa mwezi, saa yake moja ni shilingi ngapi. Sheria hiyo hiyo ina jedwali mwishoni linalotoa jibu: unagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki zilizomo ndani ya mwezi mmoja, kisha unagawa kwa saa za kawaida za wiki. Wiki 4.333 mara saa 45 ni saa 195 kwa mwezi, ukikadiria hadi saa kamili.

Kwa mpwa wangu, 780,000 kugawa kwa 195 ni 4,000. Mara moja na nusu ni 6,000. Saa 14 ni 84,000. Slipu inasema 68,250, yaani pungufu kwa 15,750.

Ukishapata tofauti, usikimbilie kugombana. Irudishe hesabu kinyumenyume mpaka ujue imetoka wapi. Gawa 68,250 kwa saa 14, unapata 4,875. Gawa kwa moja na nusu, unapata 3,250. Sasa gawa 780,000 kwa 3,250: jibu ni 240 kamili. Na 240 ni siku 30 mara saa 8. Kwa hiyo aliyetengeneza hesabu ile amemhesabia kana kwamba anafanya kazi kila siku ya mwezi, Jumapili zote ndani. Hakuna mtu wa saa 45 kwa wiki anayefikisha saa 240. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko lolote, na mara nyingi halina hila ndani yake. Mtu alihitaji kiwango cha saa, akachukua siku 30 kwa sababu mshahara ni wa mwezi, na fomula ikabaki.

Tahadhari moja hapa: msingi wa ovataimu ni mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba na ya usafiri haziingii. Nimeona watu wakigawa mshahara ghafi kwa 195, wakapata kiwango kizuri zaidi, wakaenda ofisini na madai ambayo hayasimami, na wakaharibu hata lile dai dogo lililokuwa la haki. Jumapili na sikukuu ni hesabu nyingine, maana aliyefanya kazi siku ya mapumziko au sikukuu analipwa mara mbili ya kiwango cha saa. Na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mpwa wangu alikuwa akibaki jioni mpaka saa 1 na nusu kupokea magari, siku za kawaida, kwa hiyo hayo hayamhusu. Alikuwa ameziandika saa zake kwenye daftari dogo, tarehe kwa tarehe. Bila daftari lile tusingeweza kwenda popote, kwa sababu "saa 14" nayo ni tarakimu ya kuhakikiwa.

Mshahara ghafi sahihi basi ni 780,000 na 100,000 na 50,000 na 84,000, jumla 1,014,000.

Mstari wa pili ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango wote ni asilimia 20. Kwa kawaida mfanyakazi anakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10. Asilimia kumi ya nini? Kwa NSSF ni ya mshahara ghafi. Slipu inaonesha 78,000, ambayo ukiitazama tu unaijua: ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi. Ilitakiwa kuwa 101,400.

Hapa ndipo watu wa serikalini huwachanganya wenzao. Mwanachama wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, anakatwa asilimia 5, mwajiri analeta 15, na hesabu inapigwa kwenye mshahara wa msingi. Ukikaa kibarazani na jirani mwalimu mkalinganisha slipu, atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba mfuko wa hifadhi unakatwa kwenye msingi, na kwake ni kweli. Vilevile sheria ya kodi inaziondoa kwenye kodi baadhi ya posho za mtumishi wa serikali, ya nyumba na ya usafiri zikiwemo, wakati posho hizo hizo zikilipwa taslimu na kampuni binafsi zinatozwa kodi. Kwa hiyo linganisha slipu na ya mtu wa mfuko wenu na sekta yenu, vinginevyo utakosoa pasipo kosa.

Kosa hili la NSSF lina tabia mbaya. Linakuongezea hela ya mkononi. Mpwa wangu alipoliona alicheka: "Hapo si wamenisaidia, mjomba?" Nikamwambia apige hesabu vizuri. Yeye amekatwa pungufu ya 23,400. Lakini mwajiri naye ameleta pungufu ya 23,400, na hiyo ya mwajiri haikuingia mfukoni mwa mtu yeyote wa kwao. Akaunti yake ya NSSF imekosa 46,800 kwa mwezi mmoja, na mafao yatakapohesabiwa siku moja, yatahesabiwa kwa mishahara midogo kuliko aliyoipata. Ndiyo maana kosa la aina hii hukaa miaka, kwa kuwa mtu anayepokea zaidi mwisho wa mwezi hapigi simu.

Sasa PAYE, kodi ya mshahara, mstari ambao watu wanauogopa bila sababu. Viwango vya Bara vilivyoanza Julai 2021 viko hivi. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20, kinachozidi hapo mpaka 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni moja ni 30. Ni ngazi. Anayevuka milioni moja kwa shilingi elfu moja hatozwi asilimia 30 ya mshahara wote, anatozwa ya ile elfu moja iliyovuka. Nimewahi kukutana na fundi aliyekataa ovataimu kwa kuogopa "kupanda daraja la kodi", na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba ngazi ya juu haigusi hela iliyoko ngazi za chini.

Kwa kukokotoa haraka, watu wa mishahara hawapandi ngazi moja moja. Tunajua kwamba aliyefika 520,000 ameshadaiwa 20,000, aliyefika 760,000 ameshadaiwa 68,000, na aliyefika milioni ameshadaiwa 128,000. Unachukua ile ya ngazi yako, unaongeza asilimia ya kilichozidi.

Swali linabaki lile lile, asilimia ya nini. Kodi haipigwi kwenye mshahara ghafi. Kwanza unaondoa mchango wako wa NSSF, kinachobaki ndicho kinachotozwa. Makato ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hayaondolewi kabla ya kodi, wala mkopo wa saccos. Hayo yanatoka kwenye hela ambayo imeshatozwa.

Kwa slipu yetu sahihi: 1,014,000 toa 101,400, inabaki 912,600. Hii iko kati ya 760,000 na milioni. Imezidi 760,000 kwa 152,600, asilimia 25 yake ni 38,150, ongeza 68,000, kodi ni 106,150. Slipu ya kiwandani ilikata 127,562.50.

Tofauti ni kubwa, shilingi 21,412.50, ila imechanganya mambo, kwa sababu mshahara ghafi na NSSF navyo vilikuwa na makosa yake. Ukitaka kujua kosa la kodi peke yake, tumia tarakimu zao wenyewe. Wao walisema ghafi ni 998,250 na NSSF ni 78,000. Toa, inabaki 920,250. Kodi yake ni 68,000 na asilimia 25 ya 160,250, jumla 108,062.50. Hata kwa hesabu zao, basi, wamekata zaidi kwa 19,500. Na 19,500 ni nini? Ni asilimia 25 ya 78,000. Hapo kosa limejitaja lenyewe kwa jina: NSSF haikuondolewa kabla ya kodi. Ukikuta kodi imezidi kwa kiasi ambacho ni asilimia 20, 25 au 30 kamili ya mchango wako wa NSSF, usitafute tena, ni hilo. Isipokuwa NSSF ikikuvusha ngazi, kwa mfano ghafi iko juu ya milioni na kilichobaki kiko chini yake. Hapo tofauti haitakuwa kamili, itabidi upige zote mbili.

Kuna alama nyingine ya vidole ambayo ni rahisi zaidi kuitambua. Ikiwa unalipwa zaidi ya 520,000 na kodi yako imezidi kwa 2,500 kamili kila mwezi, mwezi wa posho na mwezi usio na posho, ofisi yenu inatumia jedwali la kabla ya Julai 2021. Wakati huo ngazi ya kwanza ilikuwa asilimia 9. Asilimia moja ya zile 250,000 zilizoko kati ya 270,000 na 520,000 ndiyo hiyo 2,500. Faili za Eksel zinarithiwa kama mapanga ya ukoo, na anayerithi mara nyingi hajui fomula iliyomo.

Kwa wenye kompyuta, kodi yote inaingia kwenye fomula moja. Weka kiasi kinachotozwa, kile cha baada ya NSSF, kwenye A1:

```
=MAX(0,A1-270000)*8%+MAX(0,A1-520000)*12%+MAX(0,A1-760000)*5%+MAX(0,A1-1000000)*5%
```

Zile 12, 5 na 5 ni ongezeko la kiwango kila unapopanda: kutoka 8 kwenda 20, kutoka 20 kwenda 25, kutoka 25 kwenda 30. Ijaribu kwa 912,600. Ikikupa 106,150 umeandika sawa.

Bodi ya Mikopo ilikuwa sahihi. Ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na 15 ya 780,000 ni 117,000. Ovataimu ikipanda au ikishuka, mstari huu hausogei. Ukiuona unacheza mwezi hadi mwezi bila msingi kubadilika, kuna mtu anaipiga kwenye ghafi. Cha kufuatilia kwenye mstari huu ni kama hela inafika. Deni la Bodi linapaswa kupungua kwa kiasi kilichokatwa, na taarifa ya michango ya NSSF inapaswa kuonesha mara mbili ya kilichoko kwenye slipu yako, pale mwajiri anapochangia 10. Slipu inaweza kuwa safi tarakimu zote na hela isiwe imepelekwa.

Pia tazama kama kuna mstari usiotakiwa kuwepo. Mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ni mzigo wa mwajiri. Zikionekana kwenye slipu kama taarifa, sawa. Zikionekana upande wa makato, umelipishwa kodi ya tajiri wako.

Slipu yetu basi ikawa hivi: ghafi 1,014,000, NSSF 101,400, PAYE 106,150, Bodi 117,000, cha kupokea 689,450. Iliyotoka ofisini ilisema 675,687.50. Tofauti mkononi ni 13,762.50 tu, na ndiyo maana kulinganisha mstari wa mwisho peke yake hakutoshi. Ndani ya hiyo elfu kumi na tatu kuna ovataimu iliyopungua 15,750, kodi iliyozidi 21,412.50, na NSSF iliyopungua 23,400 ikivuta kwa upande mwingine na kuyafunika yale mawili.

Nilimwandikia kwenye karatasi moja: mistari mitatu, kila mmoja na tarakimu yao, tarakimu yetu, na sababu kwa maneno machache. Asiseme "mmeniibia". Aseme, "Naomba tuitazame ovataimu, naona mmegawa kwa 240." Mhasibu ukimwonesha kigawanyo chake mwenyewe hana pa kubishia, na pia hana sababu ya kuhamaki. Huyu alifungua faili mbele yake, akakaa kimya kidogo, akasema faili lile alilikuta. Likawa ni la watu wote wa stoo na wa mashine, si la mpwa wangu peke yake.

Mwezi uliofuata hakuwa na ovataimu. Tulipiga hesabu kabla slipu haijatoka: ghafi 930,000, NSSF 93,000, kodi kwenye 837,000 ni 87,250, Bodi 117,000, cha kupokea 632,750. Ila walikuwa wamemlipa na malimbikizo ya saa 56 tangu aanze kazi, kila saa ikiwa imepunjwa 1,125, jumla 63,000. Slipu ikasoma 675,275. Akanipigia.

"Mjomba, wameweka elfu sitini na tatu, lakini nilichopata kimezidi hesabu yetu kwa elfu arobaini na mbili na mia tano ishirini na tano."

"Asilimia kumi ya sitini na tatu ni ngapi?"

"Elfu sita na mia tatu."

"Hiyo imekwenda NSSF. Imebaki hamsini na sita na mia saba. Uko ngazi ya ngapi?"

Nikamsikia anabonyeza kikokotoo. "Ya ishirini na tano. Elfu kumi na nne, mia moja sabini na tano." Akanyamaza. "Basi iko sawa. Bado ile NSSF ya nyuma."

Hiyo bado. Mhasibu alisema wanaandaa orodha ya miezi yote ya watu wote ili waipeleke pamoja na mchango wa mwajiri, na mpwa wangu ameshaomba taarifa yake ya michango kutoka NSSF, aiweke karibu na lile daftari.